Hawatanipikia

Maoni yangu ya leo yanaanza na neno moja la kawaida kabisa: hawatanipikia. Litamke polepole nami, kipande kwa kipande. Ha, wa, ta, ni, pik, i, a. Vipande 7 ndani ya neno moja, na kila kimoja kina kazi yake. "Ha" inakanusha. "Wa" inataja watendaji, wao. "Ta" inapeleka jambo katika wakati ujao. "Ni" ni mimi, ninayekosa chakula. "Pik" ni mzizi, ndiyo shughuli yenyewe. "I" inayofuata inaonyesha kuwa upishi huo ungefanywa kwa ajili ya mtu. "A" ya mwisho inafunga kitenzi.

Sasa gusa kipande kimoja tu uone. Toa "ni", weka "ku": hawatakupikia. Sasa anayelala na njaa ni wewe. Toa "ta", weka "ku" ya wakati uliopita: hawakunipikia. Ondoa "ha" ya mwanzo na habari inageuka kuwa njema: watanipikia. Vipande vingine havikutikisika. Usichoweza kufanya ni kuvihamisha. Hakuna Mswahili aliyewahi kusema "tawahanipikia", na mtoto wa miaka mitatu hahitaji kuonywa asiseme hivyo. Wataalamu wa isimu huiita lugha ya namna hii lugha ambishi bainishi, kwa kuwa viambishi vyake hubainika kimoja kimoja.

Kwa Kiingereza habari hiyohiyo inachukua maneno 6: they will not cook for me. Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa tulipofundishwa Kiingereza. Tulikaririshwa kwamba lugha hiyo hubadilisha miisho ya vitenzi, lakini katika sentensi hii hakuna mwisho uliobadilika. Kitenzi "cook" kina maumbo 4 tu: cook, cooks, cooked, cooking. Mengine yote Kiingereza huyasema kwa maneno yaliyosimama peke yake.

Miisho michache iliyobaki ndiyo inayofaa kutazamwa kwa karibu. Chukua "s" ya "she cooks". Sauti hiyo moja inasema mambo matatu kwa pamoja: mtendaji si mimi wala wewe, ni mmoja tu, na wakati ni uliopo. Jaribu kuipasua ili upate sehemu ya nafsi, sehemu ya umoja na sehemu ya wakati, kama tulivyopasua "hawatanipikia". Haipasuki. Ukitaka kubadilisha jambo moja kati ya hayo matatu, unatupa sauti yote. Na kwa kitenzi "sing", ukisema "sang", huoni hata mahali pa kukata, maana wakati uliopita umejificha katika irabu ya ndani ya mzizi.

Kiingereza cha karne ya 9, enzi za Mfalme Alfredi, kilikuwa na miisho mingi zaidi. Mimi nilikuwa na mwisho wa "e", wewe "est", yeye "eth", na sisi "ath". Mkazo wa sauti katika lugha ile uliangukia mwanzoni, kwenye mzizi, na mwisho wa neno ukatamkwa kwa ulegevu. Irabu za mwisho zikafifia mpaka zikafanana, kisha nyingi zikatoweka. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo husogea kila tunaponyambua: píka, pikía, pikiána. Mkazo unavifuata viambishi vya nyuma na kuvipa nguvu. Vya mbele havina bahati hiyo, ndiyo maana "ninataka" imekuwa "nataka" vinywani mwa wengi.

Mwaka 1808 Mjerumani Friedrich Schlegel alichapisha kitabu juu ya lugha na hekima ya Wahindi. Humo alizisifu lugha kama Kisanskriti na Kigiriki, ambazo mizizi yake hubadilika kutoka ndani, akasema zina uhai kama mmea. Lugha zinazounganisha viambishi alizitazama kama malundo ya vipande vilivyorundikwa tu. Waliomfuata wakajenga ngazi: lugha za maneno yasiyobadilika chini, lugha za viambishi katikati, na lugha za minyumbuo ya Ulaya juu. Mimi nasema waziwazi kwamba ngazi hiyo haina msingi, na ushahidi umo ndani ya Kiingereza na Kiswahili vyenyewe.

Tuanze na Kiswahili. Mti ukianguka, aliyeusababisha uanguke ameuangusha. Anguka, angusha. "K" imekuwa "sh". Moto huwaka, mtu huuwasha. Mtu hukumbuka, mwenzake humkumbusha. Kiambishi cha kusababisha kiko wapi hapo? Zamani palikuwa na sauti ya "i" yenye kubana, iliyokaa baada ya "k". Ikailainisha "k" hiyo mpaka ikawa "sh", kisha yenyewe ikamezwa. Neno "mpishi" linatuonyesha mahali ambapo "i" ya kubana bado inasikika: pika, mpishi. Kwa "lala" na "laza", na kwa "pona" na "ponya", mambo ni hayohayo.

Msikilizaji makini atauliza: mbona "pikia" haikuwa "pishia"? Ni kwa sababu Kibantu cha kale kilikuwa na irabu 7, zikiwemo "i" mbili tofauti. Moja ilibana na kubadilisha konsonanti, nyingine haikubana. Kiswahili kiliziunganisha zikawa "i" moja, tukabaki na irabu 5, lakini alama za "i" ya kubana zimebaki ndani ya konsonanti.

Kiingereza nacho kina "fall", yaani kuanguka, na kina "fell", yaani kuangusha, hasa mti. Simaanishi "fell" ya wakati uliopita, bali kitenzi kingine cha mkata miti. Mababu wa Waingereza waliongeza baada ya mzizi kiambishi cha kusababisha chenye sauti ya "i" au "y". Sauti hiyo ikaivuta irabu ya mzizi, ikaigeuza, kisha ikatoweka. Anguka na angusha, fall na fell: maana ileile, sauti ya namna moja, na hatima moja. Huku iliuma konsonanti, kule ikauma irabu. Lugha hizi hazina undugu wowote. Mabadiliko ambayo Schlegel aliyaona kama uhai wa ndani wa mzizi, hapa ni kiambishi cha kawaida kilichoyeyuka.

Kwa hiyo Kiswahili nacho kina viungio visivyokatika. Rudi kwenye ukanushaji. Hawatapika, hatutapika, hamtapika: "ha" unaiona kila mahali. Mimi je? Kwa mpango huo ingekuwa "hanitapika", lakini tunasema "sitapika". "Si" imebeba nafsi na ukanushi pamoja, na huwezi kutenga "mimi" na "hapana". Imefanya kazi ileile ya "s" ya Kiingereza. "Hawakupika" nayo ina "ku" iliyobeba wakati uliopita ndani ya ukanushi. Ondoa "ha" ya mwanzo na "wakupika" haisimami tena kama habari ya jana.

Mtaalamu Mmarekani Joseph Greenberg alijaribu kupima tofauti hii kati ya lugha kwa hesabu, katika kazi iliyochapishwa tena mwaka 1960. Alichambua matini fupi za lugha 8. Kwa wastani, maneno 100 ya Kiswahili yalikuwa na vipande 255 vya maana, na ya Kiingereza 168. Kisha akatazama maungio yenyewe: ni mangapi ambamo vipande hukutana bila kuharibiana, au hubadilika kwa kanuni inayotabirika? Kiswahili kilipata 67 katika kila 100, kiwango cha juu kuliko lugha zote 8. Kiingereza kilipata 30. Matini zilikuwa fupi, kwa hiyo tuzichukue namba hizo kama dalili. Hata hivyo zinaonyesha kwamba hata bingwa wa kuunganisha ana kiungio kimoja kati ya vitatu kisicho safi.

Kazi ya kuunganisha inaendelea hadi leo. Mzee wa Pwani anaweza kukwambia "nimekwisha kufika", maneno mawili. Mwingine atasema "nimekwishafika". Vijana husema "nimeshafika", na mitaani utasikia "nishafika". Kitenzi kizima, kwisha, kimesagwa kikawa "sha", kipande kidogo katikati ya kitenzi kingine. Hata "ta" ya wakati ujao ilikuwa kitenzi, taka. Alama yake imebaki tunaposema "watakaonipikia": hapo "taka" inajitokeza nzima.

Ndiyo maana nasikitika ninaposoma ujumbe wa simu na matangazo ya ukutani yaliyoandikwa "ana kuja", "nime fika", "hawa jalipa". Huko ni kuandika Kiswahili kwa macho ya Kiingereza, kana kwamba "nime" ni neno linalosimama kama "will". Na "hawa jalipa" inapotosha kabisa: msomaji anaona "hawa", watu hawa hapa, kabla hajakutana na "jalipa" isiyo na maana.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama ni neno moja au mawili. Jaribu kuchomeka neno katikati. Mwingereza husema "they will surely cook", na "surely" inapita kati ya "will" na "cook" bila shida. Sasa jaribu kwetu: "wata hakika pika". Haiwezekani, hakika lazima ikae nje ya kitenzi. Lakini katika "alikuwa anapika" unaweza kusema "alikuwa bado anapika", kwa hiyo hayo ni maneno mawili na yaandikwe mawili.

Walimu wa madarasa ya chini, wapeni watoto kipimo hiki kabla ya kuwaadhibu kwa kalamu nyekundu. Nanyi mnaochapisha matangazo, mabango na vichwa vya habari, kitenzi kisichokubali neno katikati kiandikeni pamoja, hata kikijaza mstari mzima.