Mafuta Yashuka Ng'ambo, Mbona Bei ya Kituoni Haishuki?



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa Tanzania Bara. Na kila mara habari zinapoeleza kwamba mafuta yameshuka ng'ambo, huku bei ya kituoni ikibaki palepale, mlaji huhitimisha kwamba mwenye kituo amemwibia. Wenye vituo wasio waaminifu hawakosekani. Lakini bei kikomo haitungwi na mwenye kituo. Hukokotolewa kwa kanuni, na kanuni hiyo yaweza kufuatwa na mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba bei ya pipa itangazwayo redioni siyo bei ya kitu ambacho Tanzania hununua. Ile ni bei ya mafuta ghafi. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966, kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo nchi huagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Bei ya petroli na dizeli iliyosafishwa ina njia yake yenyewe. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga biashara ya mafuta ya Urusi, dizeli ilipanda kuliko petroli, ingawa zote mbili hutoka katika pipa lile lile la mafuta ghafi. Mtu aliyeangalia bei ya pipa peke yake asingeweza kueleza jambo hilo.

Basi na tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu za dola humu ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hesabu isomeke kwa urahisi. Tuseme tani moja ya petroli katika Ghuba ya Uarabuni ni dola 750. Juu yake huongezwa gharama za uagizaji: nauli ya meli, bima na faida ya mwagizaji aliyeshinda zabuni ya pamoja. Tuseme hizo ni dola 54. Jumla ni dola 804 kwa tani. Tani moja ya petroli ni karibu lita 1,340, hivyo lita moja imefika bandarini Dar es Salaam kwa senti 60 za dola. Kama dola moja hununuliwa kwa shilingi 2,500, lita hiyo ni shilingi 1,500.

Hapo huingia kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, lita ya petroli ilitozwa shilingi 413 za tozo ya mafuta, ambayo ndiyo tegemeo kubwa la Mfuko wa Barabara, shilingi 379 za ushuru wa bidhaa, na shilingi 100 za tozo ya petroli. Jumla ni shilingi 892. Mwisho huja gharama za bandari, faida ya kampuni ya jumla, faida ya mwenye kituo na usafirishaji wa ndani. Katika mfano huu tuziweke kuwa shilingi 300 kwa Dar es Salaam. Kwa Kigoma au Bukoba huongezeka kwa sababu ya umbali. Bei ya kituoni basi ni shilingi 2,692.

Sasa petroli na ishuke huko Ghuba kwa asilimia kumi kamili, yaani kutoka dola 750 hadi 675. Nauli ya meli haijali ushukaji huo. Dola 54 hubaki vile vile. Lita moja sasa inafika bandarini kwa senti 54 na nusu hivi, sawa na shilingi 1,360. Kodi ni zile zile, na gharama za ndani ni zile zile. Bei ya kituoni inakuwa shilingi 2,552. Imeshuka kwa shilingi 140, ambazo ni asilimia tano na kidogo tu. Asilimia kumi za Ghuba zimekwisha kuwa asilimia tano za Kariakoo, wala hakuna mtu aliyeiba.

Shilingi nayo haikusimama. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600. Tuseme katika mfano wetu imetoka 2,500 hadi 2,750, nayo ni asilimia kumi. Zidisha upya: lita iliyoshuka hadi senti 54 na nusu inarudi kuwa karibu shilingi 1,496. Ushukaji wote wa Ghuba umemezwa, na mlaji amebakiwa na nafuu ya shilingi nne. Tena ubadilishaji wa fedha una ukali zaidi, kwa sababu hugusa nauli ya meli na bima pia, ambazo bei ya mafuta yenyewe haizigusi. Mtumishi anayetaka kujua nauli ya daladala inaelekea wapi angefanya vema kuiangalia bei ya dola benki kabla ya bei ya pipa.

Kuna pia suala la muda. Bei za ng'ambo zinazotumika katika tangazo la mwezi huu ni za mwezi mmoja au miwili nyuma, kwa kuwa shehena iliyomo matangini ilinunuliwa wakati huo. Mwenye kulinganisha habari ya leo na bei ya leo analinganisha vitu viwili visivyokutana. Ucheleweshaji huu huuma bei inaposhuka na hufurahisha inapopanda, ingawa furaha hiyo haisikiki sana.

Kodi za Tanzania kwa lita ni za kiasi maalum, siyo asilimia ya bei. Hili lina pande mbili. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani katika soko la mikataba yaliuzwa kwa bei iliyo chini ya sifuri. Hata kama petroli ingalitolewa bure Ghuba siku hiyo, lita moja Dar es Salaam isingaliweza kushuka chini ya shilingi 792, kwa kuwa ndizo zilizokuwa kodi za wakati huo pekee. Upande wa pili unaonekana bei zinapopaa: kodi ya kiasi maalum haipaa nazo. Kenya, iliyopandisha kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, ilijikuta kila dola inayoongezeka ng'ambo ikiongezewa pia kodi nyumbani. Kati ya njia hizo mbili, ya kiasi maalum ni yenye huruma zaidi kwa mlaji katika miaka mibaya.

Wapo wanaodai kodi zipunguzwe kila bei ipandapo. Jambo hilo lawezekana, lakini kila shilingi kumi inayoondolewa katika tozo ya mafuta imeondolewa katika matengenezo ya barabara. Juni 2022 Serikali haikukata tozo, bali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi huo. Na kodi isiyolingana baina ya mafuta mbalimbali ina hatari yake: ilipokuwa ndogo mno kwa mafuta ya taa, wafanyabiashara waliyachanganya na dizeli, mpaka kodi hiyo ikapandishwa sana mwaka 2011. Injini za magari zilipona. Gharama ilihamia kwenye kibatari cha mwanakijiji.