Kusahihisha Nakala ya Mkataba

Tuchukue mkataba wa kupangisha shamba. Asili yasema, "Mpangaji hatalipa kodi ya mwezi wa kwanza." Mwandishi amenakili, "atalipa." Herufi moja imeanguka, na deni limezaliwa. Kosa hili litaonekanaje kabla ya kutia sahihi?

Kwanza, weka rula chini ya mstari wa asili, uutafute wote katika nakala, ndipo uishushe. Mistari miwili ikiishia kwa neno "mpangaji," jicho huweza kuruka yaliyo kati, rula hulizuia.

Pili, soma nakala kinyume, toka neno la mwisho hata la kwanza. Maana ikikatika, jicho hutazama herufi tu, na "mpagaji" litafichuka. Lakini "atalipa" litapita, kwa kuwa nalo ni neno sahihi.

Basi tatu, mmoja asome asili kwa sauti, akitamka kila herufi wazi, na vituo, na tarakimu moja moja. Mwenzake afuate nakala kwa kidole. Asikiapo "hatalipa" naye aona "atalipa," amsimamishe msomaji papo hapo. Hapo ndipo kosa litakapokamatwa.