Utafiti wa Baada ya Uzamivu Barani Ulaya

Nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu ni ajira ya muda maalumu ambayo humwezesha daktari mpya wa falsafa kufanya utafiti chini ya msimamizi mwenyeji. Kwa Ulaya, nafasi hizo hutangazwa katika tovuti ya EURAXESS, ukiwemo ufadhili wa Umoja wa Ulaya wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, unaopokea raia wa nchi yoyote. Kwa kuwa ombi la ufadhili huo huandaliwa pamoja na taasisi mwenyeji, msimamizi huandikiwa miezi kadhaa kabla ya dirisha kufungwa, kwa kawaida mwezi Septemba.

Kikwazo kinachosahaulika kwa urahisi ni kanuni ya uhamaji, inayomzuia aliyeishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho. Mtanzania aliyemaliza uzamivu Ujerumani mwezi Juni, baada ya miaka minne huko, hawezi kuomba chuo cha Ujerumani Septemba hiyo, ila cha Uholanzi anaweza.

Mkataba huwa wa mwaka mmoja hadi miwili, wenye hifadhi ya jamii. Posho ya kujikimu, iliyokuwa yuro 5,080 kwa mwezi katika awamu ya 2024, hurekebishwa kulingana na gharama za maisha za nchi husika, kisha hukatwa kodi na michango, hata ile ya mwajiri. Tangazo, kwa bahati mbaya, huvutia kuliko mshahara wenyewe. Mwombaji aiulize taasisi kiasi kitakachobaki mkononi kabla ya kutia saini.