Picha ya Kuunganishwa na Msanii: Mahali Mzaha Unapokoma

Maelezo yaliyotolewa kwa vijana, wazazi na wafanyabiashara wa Minago



Tumekuja kuzungumza juu ya picha. Wengi wenu mmeziona, na wengine mlio hapa mmezitengeneza: kijana wa Minago amesimama ufukoni, mitumbwi ya ndagala nyuma yake, na pembeni yake amesimama Diamond Platnumz kana kwamba ameshuka garini sasa hivi akaomba mukeke wa kuchoma. Kwa watu wa ziwa hili si ajabu kumchagua yeye, maana asili ya familia yake inatajwa kuwa Kigoma, kwenye ziwa hilihili. Wengine humchagua Kidumu, mwana wa Burundi aliyejenga jina lake Kenya. Tuseme mapema, ili pasiwe na hofu: hatukuja kupiga marufuku jambo hilo. Picha ya namna hiyo, ikibaki kuwa ilivyo, ni shairi la mshabiki. Haimwibii mtu kitu.

Utengenezaji wake mnaujua kuliko sisi. Programu ya simu, kama CapCut, hukata umbo la msanii na kuliondoa katika mandhari yake, kisha hulibandika kando ya umbo lako. Zamani kazi hiyo ilihitaji fundi wa studio na siku nzima; leo ni dakika chache chini ya mwembe. Kwa hiyo swali la polisi si kama picha imeunganishwa vizuri au vibaya. Picha iliyoungwa ovyo inaweza kutumika kwa ulaghai, na iliyoungwa kwa ustadi mkubwa inaweza kuwa mzaha mtupu. Swali ni hili: anayeiona anaaminishwa nini, na kwa kuamini hivyo anafanya nini?

Kuna kesi moja ya mbali inayolieleza jambo hili kuliko maneno yetu. Mwaka 2012 duka la nguo la Topshop, huko Uingereza, liliuza fulana yenye picha ya mwimbaji Rihanna. Picha ilipigwa mwaka 2011 alipokuwa akirekodi video, na duka lilikuwa na ruhusa ya mpiga picha. Ruhusa ya Rihanna mwenyewe halikuwa nayo. Akashtaki. Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2013, na duka lilipokata rufaa, rufaa ikakataliwa mwezi Januari 2015.

Sikilizeni sababu, maana ndiyo faida ya kesi hii. Jaji hakusema kwamba ni kosa kuuza fulana yenye sura ya mtu maarufu. Sheria ya Uingereza haimpi mtu maarufu haki ya jumla juu ya sura yake, na majaji walilisema hilo waziwazi. Kilichoiangusha Topshop ni mazingira. Duka hilo hapo nyuma lilikuwa limejinasibisha na Rihanna hadharani: liliwahi kuendesha shindano ambalo zawadi yake ilikuwa kwenda naye kununua nguo, na alipolitembelea mwaka 2012 likatangaza habari hiyo. Tena picha ya kwenye fulana ilifanana na zile za albamu yake, nywele na kitambaa cha kichwani vikiwa vilevile. Basi mshabiki angeichukua fulana akiamini kwamba mwimbaji ameidhinisha vazi lile, na angetoa fedha kwa imani hiyo. Hapo ndipo kosa lilipokaa. Sisi hatuhukumiwi kwa sheria ya Uingereza, lakini kipimo hicho kinafaa kutumika hata ufukoni kwetu.

Tuchukue mfano wa hapa, ambao tumeutunga wenyewe, asije mtu akamtazama jirani yake. Kijana ametengeneza picha akiwa na Diamond ufukoni, akaiweka katika stetasi ya WhatsApp siku yake ya kuzaliwa. Marafiki wamecheka. Mpaka hapo hakuna neno.

Wiki inayofuata, shangazi yake anayetengeneza sabuni ya mawese anaipenda ile picha. Anamwomba kijana amshikishe msanii kipande cha sabuni mkononi, na juu yake anaandika: “Hata Diamond anaitumia.” Anachapisha lebo, anazibandika kwenye sabuni, anazipeleka soko la Rumonge. Msanii ni yuleyule na ufuko ni uleule, ila picha sasa imepewa sauti, na sauti hiyo inasema jambo ambalo mwenye sura hakulisema. Mnunuzi aliyekuwa akisita kati ya sabuni mbili amechagua hii kwa sababu ya ushuhuda usiokuwapo. Muuzaji wa pembeni, mwenye sabuni nzuri pengine kuliko hiyo, amepoteza mteja. Shangazi hakukusudia kumdhulumu mtu. Kwake yeye ni pambo la lebo. Sisi tunamwambia kwa heshima kwamba ameshavuka mpaka, hata kama sabuni yake inatoa povu zuri.

Sasa picha inaruka mara ya tatu. Mtu asiyejulikana ameichukua kutoka kwenye stetasi. Anaongeza tarehe, anaandika kwamba msanii atatumbuiza Rumonge, na kwamba kijana aliye pichani ni mwakilishi wake. Chini anaweka namba ya Lumicash: tuma faranga 5,000 uwekewe nafasi. Watu wanatuma, kwa kuwa kijana wanamfahamu, wamesoma naye, wanamwona kanisani au msikitini. Hapa sura ya msanii inavuta macho, lakini sura ya kijana wetu ndiyo inayofungua mifuko. Wanaposhtuka hakuna tamasha, mlango watakaougonga kwanza ni wa nani?

Msidhani mambo haya ni ya wasiosoma. Mwezi Januari 2024 magazeti ya Marekani yalieleza juu ya matangazo yaliyomwonyesha Taylor Swift akigawa bure sufuria za Le Creuset, ambazo ni za bei kubwa. Sauti yake ilikuwa imeigizwa kwa mashine. Mtazamaji aliambiwa alipe ada ndogo tu ya usafirishaji, chini ya dola 10. Waliolipa walikatwa fedha nyingine kila mwezi bila kujua, na sufuria hazikufika. Kampuni ikasema haina ushirikiano wowote na mwimbaji huyo katika jambo hilo. Angalieni ufundi wa mtego: wanajulikana wote wawili, yeye kwa kuzipenda sufuria hizo na kampuni kwa kuziuza. Uongo ulikuwa ni ule uzi mwembamba uliowaunganisha. Na ada iliwekwa ndogo makusudi, ili mtu aone aibu kuulizauliza.

Wapo vijana wanaotuambia: “Afande, mimi niliandika chini kwamba nimeiunganisha mwenyewe.” Vema, lakini maneno yaliyoandikwa chini ya picha si sehemu ya picha. Anayepiga nakala ya kioo cha simu huyakata kwa kidole. Anayeisambaza anaweza kuyaondoa. Stetasi hufutika baada ya saa 24, ila nakala iliyobaki katika simu ya mwingine haifutiki. Kwa hiyo tunashauri neno “mzaha” au “picha ya kuunganishwa” liandikwe ndani ya picha yenyewe, tena lipite juu ya kifua au katikati ya watu wawili, si pembeni ambako hukatwa kwa urahisi. Picha itapungua uzuri kidogo, hatukatai.

Kwa upande wa anayepokea, kutafuta dosari kwa macho kuna mipaka yake. Ni kweli kwamba mara nyingi nywele huonekana kama zimekatwa kwa mkasi, au jua linampiga mmoja kutoka kushoto na mwenzake kutoka kulia, au mmoja ana kivuli mchangani na mwingine hana. Lakini programu zinaboreka kila mwaka, na picha ikishapita simu nyingi hufifia hata dosari zikapotea. Msitegemee hilo peke yake. Yapimeni maneno. Je, msanii ametangaza habari hiyo katika ukurasa wake mwenyewe uliothibitishwa? Je, mkuu wa kilima anajua habari ya tamasha, maana mkusanyiko mkubwa hauwezi kufanyika bila viongozi kujua? Namba inayopokea fedha ina jina la nani? Na ujumbe ukiwa na alama ya mishale miwili katika WhatsApp, jueni umeshapita mikono mingi, na aliyekutumia, hata akiwa ndugu yako, si yeye aliyeuanzisha.

Kuna aina moja ambayo tunaomba wazazi waisikilize kwa makini zaidi. Ni pale mtu anapomwonyesha binti picha akiwa na mwimbaji na kumwambia: huyu ni rafiki yangu, anatafuta wacheza dansi, nauli ya kuvuka nitakulipia mimi. Hapo fedha haiombwi, na ndiyo maana shaka huchelewa. Picha hiyo si kitambulisho cha mwajiri. Ahadi ya namna hiyo iletwe kwetu kabla ya safari, kwa kuwa usafirishaji wa watu una sheria yake tangu mwaka 2014, na baada ya boti kuondoka kazi yetu huwa ngumu mno.

Kuhusu sheria nyingine, Burundi ina sheria namba 1/10 ya tarehe 16 Machi 2022 ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandaoni, na ulaghai umo pia katika kanuni ya adhabu ya mwaka 2017. Sisi hupokea malalamiko na kuchunguza. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Mtu akidanganywa, asiifute picha wala ujumbe kwa hasira, na asiusambaze kwa nia ya kuwaonya wengine, maana onyo hukatwa njiani na uongo ukaendelea na safari. Aje na simu yenyewe, ikiwa na ujumbe wa muamala unaoonyesha namba, saa na kiasi. Aende pia upesi kwa wakala au kampuni ya simu, kwa kuwa fedha ambayo bado haijatolewa huenda ikazuiliwa, na iliyokwisha kutolewa ni habari nyingine.

Na kijana ambaye picha yake imechukuliwa naye aje, tena asisubiri kuitwa. Ailete ile ya kwanza aliyoitengeneza pamoja na tarehe yake katika simu, atuonyeshe ilivyokuwa kabla ya kuongezwa namba. Hiyo itatusaidia kumtenganisha na aliyeiba sura yake. Vilevile, laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho chako ukamwazima mpwa au rafiki, kwa mchunguzi inaanza kuwa yako.

Ama shangazi wa sabuni, naye tusimwache bila jibu. Lebo zilizobaki aziondoe sokoni, na mahali pa msanii aweke jina lake mwenyewe, mahali anapokaa na uzito wa kipande. Kijana akitaka kumsaidia, ampige picha akiwa jikoni kwake anakoroga mawese.