Mafuta Yaliyopotea Karaini

Kama uko stendi ya Kasulu unangoja gari la Kibondo, huenda mkono mmoja una kikombe cha chai na mwingine una andazi lililofungwa kwenye kipande cha gazeti. Leo nataka tulihesabu andazi hilo: lina wanga kiasi gani, protini kiasi gani, mafuta kiasi gani. Wanaoulizia hesabu hii ni wengi kuliko unavyodhani. Kuna mzee mwenye kisukari aliyeambiwa kliniki apime anachokula, kuna mama anayemfungashia mtoto chakula cha shule, kuna kijana anayejenga misuli. Wote wakifika kwenye kitu cha kukaanga wanakwama, na hawakwami kwenye unga wala sukari. Wanakwama kwenye mafuta.

Tuanze na vilivyo vyepesi. Unga wa ngano, huu mweupe wa dukani, kila gramu 100 zina wanga wa gramu 76 hivi, protini gramu 10, na mafuta gramu moja tu. Sukari ni wanga mtupu, kwa hiyo gramu 100 za sukari ni gramu 100 za wanga. Hamira na chumvi ni kidogo mno, viache. Tanzania tunalo jedwali letu la virutubishi vya vyakula, lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani, na mtu anayetaka kuhesabu vyakula vyetu aanzie humo. Lakini hakuna jedwali linaloijua karai yako. Unga uliouweka kwenye beseni wote unaishia kwenye maandazi. Mafuta uliyoyamimina karaini, sehemu inaingia kwenye maandazi na sehemu inabaki, na kazi yote ni kujua imeingia kiasi gani.

Hapa watu hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Wa kwanza anajumlisha unga na sukari, anagawanya, anasahau mafuta. Wa pili anaona lita mbili zimemiminwa, basi anaziandika zote mbili. Tuone kila mmoja anafika wapi.

Chukua kilo moja ya unga, sukari gramu 150, hamira na chumvi gramu 20 kwa pamoja, na maji gramu 580. Hakuna nazi, hakuna yai, hakuna siagi. Ni andazi la kawaida la asubuhi. Donge lina uzito wa gramu 1,750, na ukilikata sawasawa kwa gramu 50 unapata maandazi 35. Unga umeleta wanga gramu 760 na sukari gramu 150, jumla 910. Gawanya kwa 35: kila andazi lina wanga gramu 26. Protini ni gramu 100 za unga, yaani karibu gramu 3 kwa andazi. Kwa nguvu, gramu moja ya wanga au ya protini inatoa kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta inatoa 9. Yule aliyesahau mafuta ya kukaangia atapata kilokalori 118 kwa andazi moja. Yule aliyeandika lita mbili zote atapata karibu 590. Andazi ni lile lile, msikilizaji, na hesabu ya mmoja ni mara tano ya mwenzake.

Sasa tupime. Wengi wazo la kwanza ni kupima andazi likiwa bichi, kulipima tena likiiva, na kudai kilichoongezeka ni mafuta. Jaribu, na utashangaa: andazi lililoiva mara nyingi ni jepesi kuliko bichi. Mafuta yameingia, ndiyo, lakini maji yametoka mengi zaidi. Yale mapovu yanayochemka kando ya andazi ni mvuke wa maji ya ndani ya donge. Mafuta yenyewe hayachemki karaini. Kwa hiyo uzito wa andazi unachanganya mambo mawili yanayokwenda kinyume, na kwa mizani peke yake huwezi kuyatenganisha.

Pima karai. Hilo ndilo jambo ninalotaka ulibebe leo. Weka karai tupu kwenye mizani, andika uzito wake. Mimina mafuta, pima tena. Ukimaliza kukaanga, acha yapoe kabisa, maana mafuta ya moto ya kubebabeba ni hatari, kisha pima mara ya tatu. Maji ya donge yameshapanda hewani, kwa hiyo pungufu unaloliona ni mafuta tu. Tuseme ulianza na mafuta gramu 1,840, ambazo ni lita mbili, kwa sababu lita moja ya mafuta ya kula ina gramu 920 hivi na si kilo kamili kama ya maji. Mwisho yamebaki gramu 1,640. Zimepungua 200.

Lakini hizo 200 hazikuingia zote kwenye maandazi. Nyingine ziko kwenye gazeti au kwenye chujio ulipoyaweka yajichuje. Ndiyo maana chombo cha kuchujia nacho kinapimwa kikiwa kitupu na baada ya kazi. Kikiongezeka gramu 25, unabaki na 175. Hizo ndizo zilizoliwa. Gawanya kwa 35: gramu 5 kamili za mafuta kwa andazi. Ongeza ile chembechembe ya mafuta ya unga wenyewe, na andazi linasimama kwenye wanga gramu 26, protini gramu 3, mafuta gramu 5, na nguvu kilokalori 163 hivi. Kumbe si 118, wala si 590.

Mitego ipo. Ukiongeza mafuta katikati ya kazi, yapime na uyajumlishe kwenye ya mwanzo, la sivyo utaona karai haikupoteza kitu. Unga unaodondoka kutoka kwenye maandazi unakaa chini ya karai na kuongeza uzito wa kilichobaki, kwa hiyo chuja kabla ya kupima, na ule mchanga wa unga uliochujwa, pamoja na mafuta uliyoyashika, usiuhesabu kuwa umeliwa. Na usifanye kwa maandazi matano. Mizani ya duka inayokosea gramu 20 haina neno kwa maandazi 35, ila kwa matano itakuharibia kila kitu.

Huku kwetu kuna jambo jingine, nalo ni mawese. Mkoa wa Kigoma ndio wenye michikichi, na mawese yanapanda hadi Kasulu na Kibondo kwenye madumu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku juu inayagandisha nusu nusu. Ukipima kwa kikombe, umepima mgando na majimaji kwa pamoja na hujui umepata nini. Kwa gramu hakuna utata: gramu ya mawese, iwe imeganda au imeyeyuka, ina kilokalori 9 kama gramu ya alizeti. Tena mawese yanalidanganya jicho. Andazi la mawese likipoa asubuhi ya baridi, mafuta yanaganda kwenye ngozi yake na gazeti halilowi sana. Mteja anasema, hili kavu, halina mafuta. Yamo. Yameganda tu.

Na yanaingia lini? Wengi tunadhani andazi linakunywa mafuta likiwa linaelea karaini. Watafiti wa ukaangaji wameonyesha kuwa sehemu kubwa huingia baada ya kuliopoa. Likiwa ndani, mvuke unatoka kwa nguvu na kuyazuia mafuta. Likitoka, mvuke uliobaki kwenye vitundu vya ganda unapoa na kurudi kuwa maji, nafasi inabaki, na mafuta yaliyogandamana na ngozi yananyonywa kuijaza. Kwa hiyo zile sekunde chache baada ya kuopoa ndizo za kazi. Likungʼute kwenye kijiko cha matundu juu ya karai lingali likichuruzika, usilirundike juu ya wenzake kwenye beseni. Marundo ya maandazi ya moto ni marundo ya maandazi yanayokunywa.

Moto nao una neno. Mafuta yawe kati ya nyuzi 170 na 180. Hatuna kipimajoto barabarani, basi dondosha kipande kidogo cha donge: kikipanda mara moja kikiwa na mapovu, anza. Kikikaa chini kimenyamaza, subiri. Mkaa ukiwa mchovu, andazi linakaa karaini muda mrefu kabla halijapata rangi. Ukikuta karai hiyo hiyo ya maandazi 35, ukishatoa yaliyobaki kwenye chujio, imepoteza gramu 300 badala ya 175, kila andazi sasa limebeba mafuta gramu 9 na nguvu karibu kilokalori 195. Mafuta yaliyotumika mara nyingi, yale meusi yanayotoa povu jingi, yanashika zaidi kwenye andazi. Ukikata vidogo vidogo kutoka donge lile lile, eneo la ngozi linaongezeka, na mafuta nayo. Donati ni hesabu ya peke yake: donge lina yai na siagi, na sukari ya juu ipimwe kwa kupima bakuli la sukari kabla na baada.

Kwa anayechanganya unga wa muhogo ili kilo ifike mbali, ajue wanga haubadiliki sana, ila protini inashuka. Gramu 300 za muhogo badala ya ngano, na zile protini 100 za beseni zinabaki 75 hivi.

Turudi kwa mzee wetu wa kisukari, maana kwake habari ni nzuri kidogo. Mashaka yote ya karai yako kwenye mafuta. Moto uwe mkali au mchovu, mawese au alizeti, wanga wa andazi hautoki kwenye zile gramu 26, kwa sababu uliingia kwenye beseni na hauna pa kwenda. Maandazi mawili ni wanga gramu 52, na chai yenye vijiko viwili vya sukari inaongeza gramu 8 au 10. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo sukari ya damu inaweza kupanda baadaye kuliko alivyozoea kwa uji. Akipima saa moja tu baada ya kula na kukuta namba nzuri, asikimbilie kuagiza la tatu. Apime tena saa ya pili.