Mchango wa mgonjwa uanzie kwenye bili

Hapa Kolwezi jirani akilazwa Mwangeji au kwenye hospitali ya binafsi, jioni hiyo hiyo mtu anapita na daftari ya mchango. Zamani familia nyingi za mji huu hazikuhitaji hilo, kwa kuwa Gécamines iliwatibia wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha kampuni hiyo katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na matibabu ya nyumba zao yakaondoka pamoja na kazi. Leo mchimbaji wa mikono akivunjika mguu shimoni, bima yake ni majirani.

Daftari hiyo mara nyingi inaanza vibaya. Inaanza na majina ya watoaji, wakati ukurasa wa kwanza ulipaswa kuwa bili yenyewe. Kabla ya kuomba hata faranga moja, mtu wa familia na mmoja wa kamati ya mchango waende kwenye dirisha la malipo la hospitali, waombe karatasi inayoonyesha upasuaji ni kiasi gani, dawa kiasi gani, kitanda kiasi gani kwa usiku. Tarehe ya karatasi hiyo iandikwe pia. Maana mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari lakini hajalipa mara nyingi huzuiliwa wodini, na kitanda kinaendelea kuhesabiwa.

Tuchukue mfano. Bili ni dola 420, kitanda dola 6 kwa usiku. Mkichanga siku tano baada ya daktari kumruhusu, mnadaiwa 450. Yule aliyesikia 420 atauliza 30 zimekwenda wapi, na atakuwa na haki ya kuuliza. Kwa hiyo kiasi cha kwanza kilichopatikana kipelekwe mara moja, na kamati iombe hospitali ikubali hati ya deni kwa salio ili mtu arudi nyumbani. Si kila hospitali itakubali, lakini kuomba hakuna gharama, na kila usiku mnaouokoa ni mchango ambao hamtahitaji kuutafuta.

Halafu kuna jambo linalovunja urafiki kuliko wizi wenyewe, nalo ni kuchanganya dola na faranga. Tuseme jioni ya kwanza mmepata dola 150 na faranga 280,000. Katibu anapiga hesabu kwa kiwango cha 2,800, anatangaza kwamba tuna dola 250. Siku ya kulipa, kiwango dirishani ni 3,000. Zile faranga sasa ni dola 93, na dola saba hazionekani. Hakuna aliyekula kitu, lakini mweka hazina ameshaitwa mwizi avenyu nzima. Dawa yake ni nyepesi: safu mbili katika daftari, dola kwa dola, faranga kwa faranga, na kubadilisha kuandikwe siku ya kulipa tu, pamoja na kiwango cha siku hiyo. Noti za dola zikaguliwe mezani mbele ya mtoaji, maana iliyochanika kidogo au kuchakaa itakataliwa hospitalini, na hapo haitajulikana ni ya nani.

Wanaotuma kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money waandikwe kwa namba ya muamala iliyo katika ujumbe, na makato ya kutoa pesa yapewe mstari wake. Ahadi zikae ukurasa mwingine kabisa. Binamu wa Likasi anayesema atatuma mwisho wa mwezi bado hajatoa kitu.

Pesa isipitie mkononi mwa mgonjwa wala mke wake. Siwatuhumu. Nyumba yenye mgonjwa ina njaa, na unga utanunuliwa kwa pesa ya upasuaji. Chakula kichangiwe peke yake. Wawili wa kamati walipe dirishani, warudi na risiti yenye jina la mgonjwa, muhuri na kiasi, kisha ibandikwe kwenye daftari.

Mambo mawili yaamuliwe kabla ya kuchanga, maana baadaye yanauma: pesa ikizidi inakwenda wapi, na mgonjwa akifariki je, inalipa deni la hospitali au inasaidia kilio? Yaandikwe, na wazee wa avenyu waweke saini. Ugonjwa wenyewe hauna haja ya kutajwa mbele ya watu, bili inatosha. Wala sioni sababu ya kusoma hadharani kwamba mama fulani alitoa faranga 500. Isomwe jumla, na kila mtoaji awe na ruhusa ya kuuona mstari wake.

Kama mchango unaendelea kwenu wiki hii, mwombeni mweka hazina awaonyeshe risiti ya mwisho ya hospitali. Asipokuwa nayo, mmoja wenu aende naye dirishani kesho asubuhi.