Elfu Kumi na Mbili za Baba

Wasikilizaji wa Likasi, wa Panda na Kikula, na ninyi mlio Kambove mnaotusikia kwa shida, leo nimekuja na ndugu wawili. Nimewatunga mwenyewe, msije mkawatafuta mtaani, ingawa nyumba yao kila mmoja wenu ameshaingia angalau mara moja.

Baba yao alifanya kazi kwenye viwanda vya Shituru. Mwaka 2003, Gécamines ilipowaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa feza ya Banki ya Dunia, mpango ule tuliouita departi volontere, naye alipokea bahasha yake. Nusu alinunua gari dogo la abiria. Gari likabeba watu mwaka mmoja na nusu, mota ikafa, likabaki uani mpaka kuku wakataga mayai ndani yake. Nusu nyingine alinunua parsela Kikula, majirani wakamcheka kwamba amenunua majani.

Baba amefariki, parsela imeuzwa. Sheria ya Jamaa ya 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi. Robo iliyobaki, ya mama na ndugu za marehemu, imeshatolewa, na mama anabaki katika nyumba ya Panda. Mikononi mwa ndugu hawa wawili zimebaki dola 12,000, na wamekubaliana kutozigawa. Mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi. Mdogo wake anapakia na kupakua malori sokoni.

Mkubwa anasema: «Tuziweke banki, tuzifunge miaka 3. Gari la baba nililiona kwa macho yangu.»

Mdogo anajibu: «Yaya, na parsela hukuiona? Hizi 12,000 zimetoka kwenye gari au kwenye parsela? Baba angefunga ile feza yake banki, leo tungekuwa tunazungumzia nini?»

Hapo ndipo mabishano ya namna hii hukwama. Baba ni mmoja, bahasha ni moja, na kila mtoto amechukua nusu ya habari inayomfaa. Wangeendelea hivyo hadi bukari ipoe. Tena kila mmoja ana hoja ya kweli. Banki si jiwe: mwaka 2016 wateja wa BIAC walipanga foleni wakipewa kiasi kidogo kidogo cha feza yao wenyewe. Na dola si jiwe pia. Mwanzoni mwa 2025 kambisti alikupa faranga zaidi ya 2,800 kwa dola moja. Kabla mwaka haujaisha zikawa chini ya 2,500. Aliyekuwa na dola ndani ya godoro alilala salama, lakini sokoni unga alinunua kwa faranga, na dola yake ilikuwa imepungua bila mtu kuigusa.

Basi mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, akachukua daftari. Akauliza swali ambalo mimi naliona bora kuliko yote ya jioni ile: «Mdogo wangu, acha faida kwanza. Kama mambo yakiharibika kabisa, miaka 3 ikiisha, unataka tukute kiasi gani mezani?»

Mdogo akakaa kimya. Hakuwahi kuulizwa hivyo. Kila mtu humwuliza atapata ngapi.

Hesabu ya mwalimu ni hii, nami nitaisoma polepole. Tuseme banki inatoa asilimia 5 kwa mwaka kwa feza ya dola iliyofungwa miaka 3, na riba ya kila mwaka inabaki ndani izae pamoja na mtaji. Dola 100 zitakuwa karibu 116. Sasa geuza hesabu, anza na mwisho. Ukitaka baada ya miaka 3 kukuta 12,000 kamili, leo unahitaji kufunga kama 10,370 tu. Zinabaki 1,630. Hizo 1,630 mdogo anaweza kuzipeleka popote. Zikipotea zote, hadi senti ya mwisho, banki itakuwa imerudisha 12,000.

Mkubwa akatabasamu. Mdogo hakutabasamu.

«Yaya, 1,630 ni mtaji wa kuuza maandazi. Nataka depo ya mahindi. Mwezi wa 5 na wa 6 watu wanavuna, wanauza kwa haraka maana wana madeni. Mwezi wa 2 njaa inakuja, bei inapanda. Nashusha magunia ya wengine kila siku, naona.»

«Sema basi, ni kiasi gani uko tayari kuona kimepotea?»

Wakashuka ngazi. Kama wakikubali kwamba lazima zibaki 10,800, yaani wako tayari kupoteza sehemu 1 kati ya 10, banki inachukua 9,330 na mdogo anapata 2,670. Wakikubali 9,600, mdogo anapata karibu 3,700. Mdogo alitaka hiyo ya pili. Mkubwa ana watoto 2 wanaokaribia sekondari, akasema usingizi wake unaishia kwenye 10,800. Wakasimama hapo, kwa sababu feza ni ya wote wawili, na kwa feza ya pamoja mwenye woga zaidi ndiye anayeweka mpaka. Wengine watasema huo ni uonevu kwa kijana. Mimi sioni hivyo: kijana anayetaka zaidi ana njia, agawiwe 6,000 zake aende nazo. Hakutaka kugawiwa. Basi anakaa ndani ya mpaka.

Angalieni kilichotokea. Walianza kwa kuitana mwoga na mcheza kamari, wakamaliza wakivutana juu ya namba moja, kati ya 9,600 na 12,000. Namba inapunguzwa na kuongezwa. Tabia ya ndugu yako huwezi kuipunguza.

Sasa mahindi. Tuseme gunia linapatikana kwa dola 22, wananunua 100: dola 2,200. Lori, chumba cha kuhifadhia, mifuko na dawa, dola 400. Jumla 2,600. Mwezi wa 2 gunia likifika 34, wanapata 3,400, faida 800. Bei hizi ni za mfano. Nendeni sokoni mkaulize za kwenu. Lakini tazameni upande wa pili. Katanga inakula unga wa Zambia. Mwaka 2024 ukame uliichapa Zambia, ikatangaza janga la taifa, na huku kwetu unga ukawa ghali: mwenye depo alicheka. Zambia ikivuna vizuri na malori yakipita Kasumbalesa bila kusimama, gunia mwezi wa 2 linaweza kuuzwa dola 20. Hapo ni 2,000, hasara 600. Na kama dumuzi wamekula magunia 15, zinabaki 1,700, hasara 900.

Kuhusu dumuzi, mdogo anajua kuliko yaya wake. Mahindi yakiwekwa na unyevu, yataota ukungu kabla ya Krismasi. Kabla ya kununua anachukua chupa kavu ya kioo, anatia punje na chumvi kavu kidogo, anatikisa dakika chache, anaacha zitulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Kisha kila wiki 2 anainua gunia na kutazama chini: unga mwembamba kama vumbi ni alama kwamba wadudu wamekwisha kuhamia. Mifuko ile ya tabaka 3 isiyopitisha hewa inawaua bila dawa, mradi haina tundu, na panya hajui kwamba mfuko ni wa bei.

Mkubwa akauliza: «Na wewe utakayelala depo, utalipwa?»

Swali hili huvunja udugu kuliko hasara. Mdogo alitaka mshahara wa kila mwezi. Mkubwa akamwonyesha kwamba mshahara wa miezi 8 utakula faida kabla haijazaliwa, na mwaka wa hasara utakula mtaji. Mdogo naye akamwonyesha kwamba kugawana nusu kwa nusu ni kumfanya kuli wa ndugu yake. Wakafika hapa: faida ikipatikana, theluthi inatoka kwanza kama jasho la mdogo, kinachobaki kinakatwa sawa. Kwa faida ya 800, jasho ni kama 267, na kila mmoja anaongeza kama 267 nyingine. Hasara ikija, mtaji umeumia kwa wote wawili, na mdogo amepoteza jasho lake pia. Yaani yeye mwenye hamu ya kukua ndiye atakayeumia zaidi akikosea, na nadhani hilo lilimfanya mkubwa alegee.

Palibaki banki, na hapa mwalimu alitaka kwenda haraka. Mdogo ndiye aliyemshika mkono. «Yaya, unaniuliza panya, mimi nakuuliza banki. Hiyo asilimia 5 umeandikiwa?» Hakuwa ameandikiwa, alisikia kwa mwenzake. Banki ikitoa asilimia 3, zile 9,330 zitafika karibu 10,200 tu, na ile 10,800 waliyoapiana haipo. Basi karatasi kwanza: kiwango, tarehe ya mwisho, kama riba inabaki ndani au inatoka, na wanakatwa nini wakivunja mkataba kabla ya siku. Kwa kawaida ukivunja mapema riba inapungua au inakwenda yote, kwa hiyo feza ya ugonjwa haifungwi; hiyo wanaitoa kwenye mishahara, kwa likelemba ya mama. Kwa kukumbuka 2016, 9,330 wanaikata vipande 2 katika banki 2. Na konti iwe na sahihi 2, mtu mmoja asiweze kutoa peke yake, hata kama ndiye mkubwa.

Nikumbushe na hili, maana mwalimu alilijua lakini hakulisema: 10,800 za miaka 3 ijayo hazitanunua kile ambacho 10,800 zinanunua leo. Mpaka wao unalinda namba, haulindi sufuria. Kama depo haitazaa kitu kwa miaka yote 3, watakuwa wamerudi nyuma wakidhani wamesimama mahali pamoja. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mkubwa angeshinda mabishano kama mdogo angenyamaza.

Usiku ulikuwa umeingia, umeme umekatika, wanaandika kwa taa ya simu. Mkubwa akaweka sahihi, mdogo akaweka yake. Mama, aliyekuwa amekaa kimya jioni nzima akichambua sombe, akauliza: «Hayo magunia 100 mtayaweka wapi?»

Mdogo akatazama mlango wa chumba cha nyuma.

«Hapana,» mama akasema. «Gari la baba yenu lilikaa uani kwangu miaka 9. Tafuteni chumba cha kulipa.»

Mkubwa akafungua daftari tena, akatafuta ule mstari wa dola 400.